Vidole vya Wimbi

"Hapa hakuna kitu," akasema Nyasuguta.

Alikuwa ameketi kwenye benchi la sakristia, kasula mpya ya mwanawe imelazwa magotini mwake, na kiganja chake kimetulia katikati ya kifua cha vazi hilo. Akakipitisha tena, pole pole, kutoka juu kwenda chini. Macho yake, ambayo presha ya macho ilikuwa imeyazima miaka mingi iliyopita, yalielekea dirishani bila kuona dirisha.

"Bonareri, binti yangu, hii ni mbele au nyuma?"

"Ni mbele, Mama Makori."

"Basi wimbi langu liko wapi?"

Bonareri akainama. Kwa macho, wimbi lilikuwepo: suke moja kubwa la ile nafaka ya uji, lenye vidole vitano vilivyojikunja kwa ndani, rangi ya dhahabu juu ya kitambaa cheupe, nyuzi zimelala mmoja kando ya mwenzake bila hata tundu la kupitisha pumzi. Akaligusa. Akashtuka. Vile vidole vilivyokuwa vimevimba vizuri juzi tu alipolikabidhi vazi, sasa vilikuwa bapa kama vimepakwa rangi kwa brashi. Na uzi ulikuwa unameremeta vibaya, ule mmeremeto wa nguo iliyochomwa kidogo.

Jamani! Nje kengele ilikuwa imeshaanza kulia. Uwanja wa kanisa pale Oyugis ulikuwa umejaa hadi barabarani, askofu alikuwa ameshuka garini, na Dikoni Makori, mtoto wa muuza wimbi, alikuwa anapangwa kwenye maandamano ya kuingia kupewa upadri. Baada ya kuwekewa mikono angevishwa kasula, vazi la padri la Misa, na wa kumvisha alikuwa mama yake, kipofu huyu huyu, mbele ya umati wote.

Sasa nikueleze kwa nini vidole vitano vya uzi vingemtoa mtu jasho.

Bonareri alizaliwa upande wa Kisii, akaolewa Oyugis, na mume wake alipofariki akabaki hapo hapo, kwenye baraza la duka sokoni, katikati ya mafundi cherehani. Yeye hakuwa na cherehani. Alikuwa na fremu ya mbao, sindano, na kazi aliyofundishwa na masista alipokuwa msichana. Mafundi wenzake walimtania kila siku, wakimwita binti wa Kisii kwa Dholuo. "Nyar Kisii, wewe unashona ua moja tangu Krismasi, sisi tumeshamaliza sare za shule nzima!" Naye hakuwa mtu wa kunyamaza. Aliwajibu kwamba sare zao zilikuwa zinaachia mshono kabla mtoto hajafika darasani.

Kazi yake ilikuwa darizi yenye tumbo. Ndivyo alivyoiita. Darizi ya kawaida inalala juu ya nguo, lakini yake iliinuka. Chini ya uzi alitia kitu cha kuinua: ama kamba, ama felti, kile kitambaa kinene cha kofia za wazee. Akitumia felti alikata kipande kidogo kwanza, akakishikiza, akaweka kikubwa zaidi juu yake, na kikubwa kingine tena juu, ili kile cha mwisho kifunike ngazi zote na mgongo uwe laini. Halafu ndipo alipopitisha uzi kukatisha upana, ukingo hadi ukingo, sindano ikizama nje kidogo tu ya felti, mshono kando ya mshono, mpaka tumbo lote limefunikwa. Ukiharakisha, ukingo unakuwa na meno. Ukivuta mno, tumbo linakatika katikati. Bonareri hakuharakisha na hakuvuta mno, na kwa hiyo alikuwa maskini mwenye sifa.

Siku Nyasuguta alipoletwa barazani kwake, hakuzunguka maneno. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, aliyelea watoto kwa kusaga na kuuza wimbi, na upofu haukumpunguzia ukali hata chembe.

"Wamama wa kanisa wamepanga wawili wanishike mikono siku hiyo," alisema. "Mmoja kulia, mmoja kushoto, kama mtoto anayefundishwa kula. Mimi sitaki. Mwanangu nilimvisha nguo ya kwanza kwa mikono yangu, na hii pia nitamvisha. Nifanyie kitu mkono wangu ukigusa ujue mbele ni wapi. Nyuma weka msalaba. Mbele niwekee wimbi. Wimbi nalijua."

Bonareri alianza na kamba, maana kamba haichoki. Ilikuwa kamba ya pamba aliyonunua kwenye duka la vifaa vya nyavu Homa Bay, akaichemsha na kuianika kwanza ili isije ikanywea siku nguo ikifuliwa. Akalaza nyuzi zake pamoja, akazishikiza, akakata ncha kwa ngazi ili kidole kichongoke, akafunika. Nyasuguta alipoleta mkono akacheka.

"Hizi ni fito, si wimbi! Wimbi lina nyama."

Basi kamba ikaenda mgongoni, kwenye msalaba, na vidole vya wimbi vikatiwa felti iliyotoka kwenye kofia ya mitumba ya rangi ya maziwa. Nyasuguta alipovigusa mara ya pili hakucheka. Alivihesabu, akarudia, na machozi yakamtiririka bila yeye kujali nani anaona. Kuanzia hapo akawa anakuja kila baada ya soko kufanya mazoezi. Analigeuza vazi, anatafuta msalaba, anageuza, anatafuta vidole, analikusanya pindo, anainua. Mafundi waliacha kutania, wakawa wanaangalia.

Na sasa vidole havipo.

"Nani ameshika hii kasula tangu juzi?" Bonareri aliuliza, na sauti yake ilitoka juu kuliko alivyokusudia.

Mlangoni alikuwa amesimama Helen, mke wa katekista, mlinzi wa vitambaa vyote vya altare. Mwanamke msafi ajabu. Vitambaa vyake vilisimama vyenyewe kwa wanga. Akaingia akitabasamu.

"Mimi, dada. Niliona ina mikunjo ya kukunjwa, nikasema haiwezekani, askofu anakuja. Leo alfajiri nimeinyunyizia maji, nikaipiga pasi ya makaa mpaka ikanyooka. Na hapo mbele palikuwa na uvimbe uvimbe, nikapakandamiza sana." Akatazama uso wa Bonareri. "Yawa... nimefanya nini?"

Bonareri alitaka kupiga kelele. Kila anayemkabidhi kazi yake humwambia jambo moja: usiipige pasi usoni. Ilaze kifudifudi juu ya blanketi lililokunjwa, tumbo lizame kwenye blanketi, kisha pasi ipite mgongoni. Lakini juzi, alipofika parokia, hakumkuta Helen, akaliacha vazi kwa mtu mwingine na kuondoka mbio. Hakusema. Kamba ya msalaba ilikuwa imestahimili pasi, kwa sababu kamba ni kamba. Felti, kwa maji na moto na uzito wa mkono wa mwanamke hodari, ilikuwa imelala.

"Uvimbe wenyewe ndio ulikuwa kazi, Helen," akasema. "Ule uvimbe ndio macho yake."

Helen akashika mdomo. Mikono ya Nyasuguta ilikuwa bado juu ya vazi, imetulia tu, na utulivu ule ulimuumiza Bonareri kuliko kama angemtukana.

Nje ngoma zikapiga, maandamano yakaanza kutembea.

Zadock, katekista mwenyewe, akachungulia. Yeye ndiye aliyesimamia utaratibu wa siku. "Mama Makori, kiti chako kiko mbele, twende. Na kasula naiweka pale mezani kwenye altare."

"Kasula inabaki," Bonareri akasema.

"Inabaki vipi? Misa inaanza!"

"Utaipata kabla hajavishwa. Nenda, Zadock."

"Mwache," Nyasuguta akasema huku akiinuka, akipapasa hewa mpaka akaupata mkono wa katekista. Kisha akamgeukia Bonareri. "Ikishindikana, nitashikwa mikono. Sitakufa." Akatoka na Zadock.

Wakabaki wawili, Bonareri na Helen, na vazi mezani.

Kufumua vidole vyote na kushona upya ilikuwa kazi ya siku nyingi, hiyo hata haikufaa kufikiriwa. Bonareri akakimbilia jikoni nyuma ya sakristia, ambako sufuria za chai ya wageni zilikuwa zinachemka, akalishika vazi juu ya mvuke, mbali kidogo lisilowe. Kanisani wakaimba Utukufu. Felti ikanyanyuka kidogo. Akaitoa kwenye mvuke, ikapoa, na vidole vikalala tena kwa uvivu, vikikataa kabisa.

"Haitaki," Helen akasema, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Mungu wangu, nimemharibia mama wa watu."

"Nyamaza kwanza. Utalia ukishanisaidia."

Akarudi mezani, akapitisha ukucha juu ya kidole kimoja. Akasimama hapo hapo. Mishono ilikuwa imelegea! Ilivutwa juu ya tumbo kubwa, na tumbo lilipobanwa, uzi ukabaki na nafasi. Chini ya uzi kulikuwa na njia. Kitu chembamba kingeweza kupita humo, kutoka shina mpaka ncha, na kuinua kila kitu bila kukata mshono hata mmoja.

Akamwaga kikapu chake mezani. Bonge la kamba ya pamba lilikuwemo, lile lile la Homa Bay. Nyeupe chini ya dhahabu haikuwa neno, kamba nyeusi ndiyo ingemwumbua. Sindano yake ya kudarizi ilikuwa fupi mno. "Nataka sindano ya gunia," akasema, na Helen akatoka mbio, kitambaa cha kichwa kikimwanguka, akarudi na moja kutoka kwa wamama wa jikoni, ndefu, nene, yenye harufu ya mahindi. Wakaifuta mpaka ikang'aa.

Sindano ya gunia ina ncha mbaya, ingechana uzi kama wembe. Bonareri akatia kamba kwenye tundu, kisha akaigeuza, akatanguliza kitako, ule upande butu wa tundu. Akaiingiza pale vidole vinapokutana na shina, chini ya uzi, juu ya felti, akasukuma.

"Wewe shika hapa," akamwambia Helen. "Bana kingo za kidole kwa vidole vyako viwili, usiruhusu mishono itambae. Ukiona uzi unafunguka, sema."

Kitako kikaenda kidogo kidogo. Kanisani somo la kwanza lilikuwa linasomwa, kwa Dholuo, sauti ya msichana. Kidole cha kwanza cha wimbi kikainuka nyuma ya sindano, kama nyoka anayepita chini ya mkeka. Akaitoa kwenye ncha ya kidole hicho, akavuta kamba, akarudisha nyuzi mahali pake kwa ukucha, akakata kamba kwa mshazari, akaiachia mwisho wake ujifiche ndani.

Helen akakigusa kwa woga. "Kimerudi," akanong'ona.

"Kimoja. Shika cha pili."

Cha pili kikakubali. Cha tatu kilijikunja sana, sindano ikakwama kwenye kona. Bonareri akasukuma, ncha kali ikamgeukia na kumzama kidoleni. Tone la damu likaangukia kitambaa cheupe. Helen akapiga ukelele, akanyoosha mkono kuchukua maji.

"Usiweke maji! Utalisambaza." Bonareri akachana kipande cha uzi mweupe, akakitafuna mpaka kikalowa mate, akakigandamiza juu ya doa. Akainua, akatafuna kingine, akagandamiza tena. Mate ya mtu yanaondoa damu yake mwenyewe, hilo masista walimfundisha siku ya kwanza kabisa. Doa likapauka, likawa kivuli, likaondoka. Akajifunga kidole kwa kitambaa na kuendelea. Jasho lilikuwa linamshuka mgongoni.

Askofu alihubiri. Mungu ambariki askofu yule, alikuwa mtu wa maneno. Alipofika kwa Ibrahimu kidole cha tatu kilikuwa kimesimama, na alipokuwa angali kwa Musa cha nne kikasimama pia. Zadock akachungulia. "Bado?" Wakaendelea na kazi. Akachungulia tena, sasa akiwa amekunja uso. "Wameanza litania! Dikoni amelala kifudifudi! Mnataka tumvishe gunia?"

"Toka, baba yangu," mkewe akamwambia, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao katekista akatoka bila kujibu.

Kidole cha tano kilikuwa cha pembeni, chembamba kuliko vyote. Hapo ndipo pasi ilipokaa muda mrefu, na uzi ulikuwa mkavu. Bonareri aliona hatari. Aliisikia mikononi. Angeweza kuacha. Lakini mama yule alihesabu vitano barazani, kila mara vitano, na Bonareri hakuweza kuvumilia mawazo ya mkono ule kutafuta kitu usikipate. Akasukuma. Kitako kikafika nusu. Umati ukaimba, "Utuombee," na tena, "Utuombee." Akasukuma kidogo zaidi.

Tak.

Uzi mmoja ukakatika, kisha wa jirani yake, na katikati ya kidole pakafunguka dirisha dogo la felti.

Bonareri akaitoa sindano taratibu. Hakukuwa na muda wa kulaumu kitu. Akatia uzi wa dhahabu kwenye sindano ndogo, akalishona lile dirisha, mishono michache, akakifunga kidole kikiwa kimelala vile vile, bapa. Litania ikaisha, kanisa likanyamaza. Askofu alikuwa anaweka mikono.

Zadock akaingia, akanyakua vazi bila kuuliza, akalikunja mikononi mwake akitembea.

Bonareri akaegemea ukuta. "Nililiacha mbele ikiwa juu," akamwambia Helen, "naye amelikunja vingine."

Wakaenda kusimama kwenye mlango wa sakristia. Sala ilikuwa ndefu. Ilipokwisha, Nyasuguta akaongozwa mpaka mbele ya mwanawe, na Zadock akamwekea kasula mikononi. Wamama wawili wakasogea, mmoja kulia, mmoja kushoto. Nyasuguta akatikisa kichwa. Wakasita, wakamwangalia askofu, wakarudi nyuma.

Kanisa zima likamtazama mwanamke mfupi akipapasa nguo.

Mkono ukapata msalaba. Ukatulia. Nyuma. Akaligeuza vazi, pindo likamponyoka, mtu akaguna, akalikusanya tena. Mkono ukapanda kifuani. Ukapata kidole cha kwanza. Cha pili. Bonareri alikuwa anahesabu naye, midomo ikitembea. Cha tatu. Cha nne. Mkono ukasogea pembeni, ukasimama. Ukarudi. Ukasogea tena pale pale, palipokuwa bapa, ukakaa hapo.

"Nimemwangusha," Bonareri akasema. "Helen, nimemwangusha."

Kisha Nyasuguta akainua mikono yote miwili, na Makori, aliyekuwa mrefu kama mlingoti, akapiga magoti. Kasula ikapita kichwani pake, ikashuka mabegani, wimbi mbele, msalaba nyuma. Mama akalivuta pindo likanyooka, akamgonga kifuani kwa kiganja, kama anavyogongwa mtoto anayeambiwa haya, nenda shule. Vigelegele vikapasua paa. Helen alipiga vya kwake mpaka sauti ikamkauka, na Bonareri akakaa chini kwenye sakafu ya sakristia akalia kama aliyefiwa.

Baada ya Misa Nyasuguta akamtafuta. Ilibidi aletwe, watu walivyomzunguka. Bonareri akaanza kuongea kabla hajafikiwa.

"Mama Makori, nisamehe. Cha tano kilikatika mikononi mwangu. Niachie vazi wiki moja tu, nitakifumua nikishone upya, kitakuwa sawa na vingine."

"Hebu lete mkono."

Akaupapasa, akakipata kile kidole kilichofungwa kitambaa, akakibana kidogo mpaka Bonareri akaguna.

"Usikiguse," akasema Nyasuguta.

"Kidole changu?"

"Cha wimbi, wewe! Kiache hivyo hivyo. Nilipokuwa pale mbele nikaogopa nimesahau kila kitu. Nikagusa vinne, nikafika cha tano nikakuta hakuna nafaka. Nikacheka moyoni. Nikajua hili kweli limetoka shamba langu." Akamwachia mkono. "Miaka yote niliyolima wimbi, binti yangu, ndege hawajaniachia suke zima."